Jadili, tathmini, linganisha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusoma maagizo ya insha na kupanga jibu

Mifano yote hapa inatokana na mada moja, Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, pamoja na vita vya Wahehe vilivyovitangulia. Tumefanya hivyo makusudi, ili uone jinsi maarifa yale yale yanavyopangwa upya kila agizo linapobadilika. Maswali ya mfano yametungwa kwa mtindo wa karatasi za historia. Usiyatafute kwenye mtihani wa mwaka fulani.

Nikifungua karatasi, nisome nini kwanza katika swali la insha?

Soma swali zima mara moja bila kalamu. Ukirudia, pigia mstari vitu vinne: agizo (kitenzi kinachokuamuru), mada, mipaka, na idadi kama imetajwa. Chukua swali hili: "Kwa kutumia hoja tano, jadili sababu za kushindwa kwa Vita vya Majimaji katika kusini mwa Tanganyika kati ya 1905 na 1907." Agizo ni jadili. Mada si Majimaji, ni sababu za kushindwa. Mipaka ni kusini mwa Tanganyika na miaka hiyo mitatu. Idadi ni tano.

Makosa mengi huanzia kwenye mada kabla hata ya agizo. Mwanafunzi akiona neno Majimaji anamwaga alichohifadhi: kilimo cha lazima cha pamba, kodi, ukatili wa maakida. Hizo ni sababu za kuzuka kwa vita. Swali limeuliza sababu za kushindwa, na aya tatu nzuri juu ya pamba hazina mahali pa kupewa alama.

Wengine husoma agizo peke yake kwa sababu limeandikwa mwanzoni. Lakini mara nyingi agizo huja mwishoni, baada ya kauli iliyowekwa kwenye alama za kunukuu: "'Imani ya maji ndiyo iliyoangusha Vita vya Majimaji.' Jadili." Imani hiyo ni ya wapiganaji kwamba dawa ya maji ingezigeuza risasi kuwa maji. Katika swali hilo neno moja la mwisho ndilo linaloamua sura ya insha nzima, na ndilo rahisi kulipita.

Je, "jadili" maana yake ni lazima nitoe pande mbili?

Inategemea kilichowekwa mbele ya neno hilo, na hapa ndipo vitabu vingi vya mazoezi vinapowapotosha wanafunzi kwa kutoa jibu moja la jumla.

Tazama kama swali lina kauli inayoweza kukataliwa. "Imani ya maji ndiyo iliyoangusha vita" ni kauli. Mtu mwenye akili timamu anaweza kuikubali, kuikataa au kuikubali nusu. Kwa swali hilo, insha ya upande mmoja haijajadili kitu. Lazima uonyeshe kauli inasimama wapi, inaanguka wapi, na wewe umefikia wapi.

Lakini "jadili sababu za kushindwa kwa Vita vya Majimaji" haina kauli. Hakuna wa kubishana naye, kwa kuwa hakuna anayedai kwamba vita havikushindwa kwa sababu yoyote. Hapo "jadili" inadai ueleze kila sababu kwa kina: ilikuwa nini, ilifanyaje kazi, ushahidi wake ni upi, na inahusianaje na sababu nyingine. Karatasi nyingi za Tanzania na Kenya hutumia neno hili kwa maana hiyo ya pili. Mwanafunzi akilazimisha "faida na hasara" hapo, anaandika nusu ya insha isiyoombwa.

Kuna swali lililo katikati. "Jadili sababu za kushindwa" bila idadi linakupa nafasi ya kupima sababu ipi ilikuwa na uzito zaidi, na mwanafunzi hodari huitumia katika sentensi za kuunganisha aya na katika hitimisho. Hiyo ni nyongeza yenye thamani. Msingi wa insha unabaki kuwa ufafanuzi wa sababu.

Nionyesheni mpango wa swali la kauli, hatua kwa hatua.

Swali: "'Imani ya maji ndiyo iliyoangusha Vita vya Majimaji.' Jadili."

Kwanza, andika msimamo wako kwa sentensi moja juu ya ukurasa wa rasimu kabla ya hoja yoyote. Kwa mfano: imani ya maji ilichangia vifo vingi vya mwanzo, lakini vita viliangushwa zaidi na silaha, kukosa umoja na njaa iliyosababishwa makusudi. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia hoja ipi iingie na ipi ibaki nje.

Pili, tafuta kinachoiunga mkono kauli. Tarehe 30 Agosti 1905 wapiganaji kwa maelfu waliivamia boma ya Mahenge wakitarajia risasi zigeuke maji, wakakutana na bunduki za rashasha. Walianguka wengi kwa muda mfupi. Baada ya hapo imani katika dawa ilianza kutikisika, na pamoja nayo ari ya waliokwisha kujitosa. Hoja hii ina nguvu; usiipunguze ili msimamo wako uonekane mzuri.

Tatu, tafuta kinachoipinga. Watu walioacha kutegemea dawa waliendelea kupigana kwa kuvizia hadi 1907, kwa hiyo vita havikufa siku imani ilipokufa. Wahehe hawakujiunga, ingawa walikuwa na uzoefu wa kuwapiga Wajerumani. Makundi yaliingia vitani kwa nyakati tofauti: Wamatumbi Julai 1905, Wangoni baadaye, wakati Kinjekitile Ngwale, mwanzilishi wa dawa hiyo, ameshanyongwa. Halafu gavana von Götzen aliruhusu mbinu ya kuchoma vijiji na mashamba na kuteka akiba za chakula. Njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi.

Nne, amua mpangilio. Usiandike "hoja za kukubali" tatu kisha "hoja za kukataa" tatu kama orodha mbili zisizojuana. Anza na upande usioupendelea, uupe aya moja au mbili zenye ushahidi kamili. Kisha sentensi ya kugeuza, mfano: "Hata hivyo, kama dawa ingekuwa ndiyo sababu kuu, mapigano yangekoma baada ya Mahenge; hayakukoma." Kutoka hapo jenga aya tatu za upande wako.

Rasimu nzima ya dakika tano inaweza kuonekana hivi:

- Msimamo: ilichangia, haikuamua
- 1 Ndiyo: Mahenge 30/8/1905, rashasha, ari kuvunjika
- 2 Lakini: kuvizia kuliendelea hadi 1907
- 3 Umoja: Wahehe nje, makundi kuingia kwa zamu
- 4 Njaa: Götzen, mashamba kuchomwa
- Mwisho: dawa iliathiri namna ya kupigana, njaa na silaha ziliamua matokeo

Ni mistari sita tu. Hakuna sentensi kamili, maana rasimu haisahihishwi. Aya ya mwisho ya insha haitakuwa na kazi ya kurudia hoja. Itasema kauli imekubaliwa kwa kiasi gani na kwa nini.

"Tathmini" inatofautianaje na "jadili"? Walimu wengine wanasema ni kitu kimoja.

Zinakaribiana, ila tathmini inakudai kitu ambacho jadili inaweza kukusamehe: kigezo. Kutathmini ni kupima, na huwezi kupima bila kusema unapimia nini. Ukiulizwa "Tathmini mchango wa imani ya maji katika Vita vya Majimaji", swali la kwanza kichwani liwe: mchango kwa kipimo gani? Katika kuwaunganisha watu? Katika mapigano yenyewe? Katika kilichofuata baada ya vita?

Ukishachagua vigezo, insha inajipanga yenyewe, kigezo kimoja kwa aya moja au mbili, na kila aya inaishia kwenye hukumu ndogo.

Kwenye kigezo cha kuunganisha, mchango ulikuwa mkubwa. Wamatumbi, Wangindo, Wazaramo, Wapogoro, Wambunga na Wangoni hawakuwa chini ya mtawala mmoja wala hawakuwa na jeshi la pamoja. Dawa ya Kinjekitile kutoka Ngarambe ilisafirishwa na wajumbe, maarufu kwa jina la mahongo, ikawapa watu sababu moja ya kusimama pamoja dhidi ya utawala mmoja. Hukumu: bila maji, kungekuwa na fujo za kijiji kimoja kimoja.

Kwenye kigezo cha mapigano, mchango ulikuwa na madhara. Imani iliwafanya wapiganaji washambulie boma uso kwa uso, mahali ambapo rashasha zina faida kubwa zaidi. Hukumu: kilichowakusanya ndicho kilichowafanya wapigane vibaya.

Kwenye kigezo cha matokeo ya muda mrefu, mchango haukuwa wa moja kwa moja. Ukubwa wa vita uliishtua serikali ya Berlin. Gavana von Rechenberg, aliyeshika nafasi mwaka 1906, alipunguza shinikizo la kilimo cha kulazimishwa. Hapa tahadhari: mabadiliko hayo yaliletwa na ukubwa na gharama ya vita, na maji yanahusika kwa sababu yaliupa upinzani ukubwa huo. Ukisema "maji yalileta mageuzi", umeruka hatua mbili za hoja.

Hukumu ya mwisho lazima iwe na kiwango ndani yake. "Imani ya maji ilikuwa na umuhimu" haimwambii msahihishaji chochote. "Mchango wake ulikuwa mkubwa katika kuanzisha na kueneza vita, na mdogo au wa hasara katika kuvipigana" ni tathmini, kwa sababu imetenganisha mahali na mahali.

Kosa la kawaida kabisa hapa ni kuandika historia ya vita tangu mwanzo hadi mwisho, halafu kubandika kwenye aya ya mwisho maneno "kwa hiyo mchango wake ulikuwa mkubwa sana". Masimulizi hayo yanaweza kuwa sahihi kila tarehe na bado yasiwe tathmini, maana upimaji umefanyika kwenye mstari mmoja tu.

Swali likisema "kwa kiasi gani", ni agizo gani hilo?

Ni tathmini iliyovaa nguo nyingine. Jibu lake la sentensi moja lazima lianze na neno la kiasi: kwa kiasi kikubwa, kwa kiasi fulani, kwa kiasi kidogo. Lianze hivyo kwenye utangulizi, usisubiri hitimisho. Na upande uliobaki ujazwe: ukisema "kwa kiasi fulani", insha lazima ionyeshe kiasi kilichobaki kilitokana na nini.

Nikiambiwa "linganisha", nitaje yanayofanana tu?

Kwa desturi ya Kiswahili cha mitihani, hasa Kenya, linganisha huenda na ulinganue: la kwanza kwa kufanana, la pili kwa kutofautiana. Tanzania utakuta zaidi "linganisha na tofautisha". Swali likitaja yote mawili, hakuna shaka. Likisema "tofautisha" au "linganua" peke yake, ni tofauti tu, na aya za kufanana hazina alama. Likisema "linganisha" peke yake, ni salama zaidi kutoa pande zote mbili, ukiupa uzito upande ambao ushahidi wake ni mwingi. Angalia pia idadi: "linganisha kwa hoja nne" iliyo na alama nane inakuambia kila hoja ina alama mbili, na mara nyingi mbili hizo ni moja kwa kila upande wa mlinganisho. Hoja isiyogusa pande zote mbili hupoteza nusu.

Insha nyingi za ulinganisho huharibika kwa mpangilio, si kwa maarifa. Mwanafunzi huandika kurasa mbili juu ya Wahehe, kisha kurasa mbili juu ya Majimaji, halafu aya moja ya "vita hivi vinafanana na kutofautiana". Hizo ni insha mbili fupi zilizoshonwa pamoja, na msahihishaji ndiye anayeachiwa kazi ya kulinganisha. Hataifanya.

Basi ulinganisho upangweje?

Kwa vigezo. Chora jedwali dogo kwenye rasimu lenye safu tatu: kigezo, upande wa kwanza, upande wa pili. Jaza kwa maneno machache. Kila mstari wa jedwali unakuwa aya moja ya insha.

Swali: "Linganisha na tofautisha upinzani wa Wahehe, 1891 hadi 1898, na Vita vya Majimaji, 1905 hadi 1907."

| Kigezo | Wahehe | Majimaji |
|---|---|---|
| Chanzo | kulinda uhuru kabla ya kutawaliwa | chuki ndani ya utawala: pamba, kodi, maakida |
| Uongozi | mtawala mmoja, Mkwawa | viongozi wengi. Kiungo ni dawa |
| Mbinu | kuvizia Lugalo 17/8/1891. Ngome ya Kalenga. Kisha msituni | kuvamia boma. Kisha kuvizia |
| Jibu la Wajerumani | Kalenga kuvunjwa 1894. Rupia 5,000 kwa kichwa cha Mkwawa | kuchoma mashamba, njaa. Kunyonga viongozi |
| Mwisho | Mkwawa kujiua 19/7/1898 | kuzimwa taratibu hadi 1907 |

Aya moja iliyotokana na mstari wa uongozi itasomeka hivi: "Wahehe walipigana chini ya mtawala mmoja aliyeweza kuamuru wapi wavizie na lini warudi nyuma, ndiyo maana pigo la Lugalo mwaka 1891 lilikuwa la mpango. Majimaji hayakuwa na amiri wa namna hiyo. Kila eneo lilipigana chini ya wakubwa wake, na Kinjekitile mwenyewe alinyongwa Agosti 1905, wiki chache tu baada ya mapigano kuanza. Tofauti hiyo inaeleza kwa nini upinzani wa Wahehe ulikwisha kwa kifo cha mtu mmoja, ilhali Majimaji yaliendelea bila mwanzilishi wake."

Ona sentensi ya mwisho. Tatu za kwanza zinaweka pande mbili mezani. Ya mwisho inasema tofauti hiyo inaeleza nini. Ulinganisho usio na sentensi ya namna hiyo ni orodha tu.

Epuka vigezo visivyolingana. Ukisema "Wahehe waliongozwa na Mkwawa, lakini Majimaji yalitokea kusini", umelinganisha kiongozi na mahali. Jedwali linazuia kosa hili, kwa sababu safu mbili za mstari mmoja lazima zijibu swali lile lile.

Usilazimishe pia kila mstari uwe tofauti. Kwenye mbinu, pande zote mbili ziliishia kuvizia porini baada ya kupoteza mapambano ya wazi. Kufanana huko kunafundisha zaidi kuliko tofauti ndogo za silaha, basi kupe aya yake.

Na maagizo mengine: eleza, fafanua, thibitisha, taja?

"Taja" na "orodhesha" hazihitaji maelezo. Andika hoja, endelea mbele. "Eleza" inataka hoja pamoja na namna inavyofanya kazi au inavyotokea. "Fafanua" inakwenda mbele kidogo kwa kudai mfano wa kila hoja. "Changanua" ni kuvunja kitu katika sehemu zake na kuonyesha zinavyohusiana.

"Thibitisha" inastahili tahadhari ya pekee kwa sababu hutokea sana kwenye maswali ya fasihi, na huchanganywa na jadili. Ukiambiwa "Thibitisha kwamba njaa ilikuwa silaha ya Wajerumani katika Majimaji", kauli imeshakubaliwa kwa niaba yako. Kazi yako ni kuleta ushahidi, hoja baada ya hoja. Ukianza "lakini wengine wanaona…", unatumia muda kwenye upande ambao hauna alama.

Swali lina maagizo mawili. Nigawe vipi?

Fuata alama kama zimeonyeshwa. Zisipoonyeshwa, agizo lenye kufikiri zaidi lipewe nafasi zaidi. "Eleza sababu za kuzuka kwa Vita vya Majimaji na tathmini athari zake" igawanywe takriban theluthi moja kwa theluthi mbili, maana sababu zinaelezeka kwa aya mbili zilizobana na athari zinahitaji kupimwa. Waliopoteza alama hapa karibu wote wamepotea kwa njia moja: waliandika sababu kwa raha kwa sababu wanazijua, wakafika kwenye tathmini dakika zimekwisha.

Nitumie muda gani kupanga na muda gani kuandika?

Gawa dakika za mtihani kwa jumla ya alama. Karatasi ya saa tatu yenye alama 100 inatoa dakika 1.8 kwa kila alama, kwa hiyo insha ya alama 15 ina haki ya dakika 27. Tano za kupanga, kama kumi na tisa za kuandika, tatu za kupitia. Kwenye karatasi ya Fasihi ya KCSE, yenye saa mbili na nusu na maswali manne ya alama 20, kila swali lina dakika 37 na nusu. Hapo kupanga kunaweza kufika dakika saba.

Dakika tano zikionekana nyingi, kumbuka kwamba kwa dakika kumi na tisa mwandiko wa kawaida unatoa aya tano hadi sita. Hakuna nafasi ya aya hata moja iliyoandikwa kwa kupapasa.

Nifanyeje mazoezi kwa karatasi za mitihani iliyopita bila kuandika insha nzima kila mara?

Kuandika insha nzima kwa kila swali la pasti pepa kunachosha na hakufundishi kusoma maagizo. Fanya mambo mawili.

La kwanza: chukua karatasi za miaka kadhaa za somo moja, unakili maswali ya insha kwenye daftari ukiyapanga kwa mada, si kwa mwaka. Ukiweka maswali yote ya ukoloni pamoja, utaona mada ile ile imerudi na agizo tofauti, na utaacha kudhani kwamba swali "limeshatoka".

La pili: panga tu, usiandike. Maswali sita, dakika tano kila moja, ni nusu saa. Kisha mpe mwenzako rasimu zako bila maswali na umwambie akisie agizo la kila moja. Rasimu ya tathmini ikionekana kwake kama orodha ya sababu, mpango umekosea, hata kama hoja zote ni za kweli. Kama huna mwenzako, funga daftari kwa siku mbili, kisha ukisie mwenyewe.

Zoezi gumu zaidi, na lenye faida kubwa: chagua mada moja, ipange kwa jadili, tathmini na linganisha siku moja. Rasimu tatu zikitoka na hoja zile zile kwa mfuatano ule ule, bado unahifadhi majibu.

Mwongozo wa usahihishaji niliouona ni orodha ya hoja tu. Agizo lina haja gani basi?

Mwongozo huorodhesha maudhui yanayokubalika ili wasahihishaji wengi watoe alama sawa. Usiusome kama mfano wa insha. Hoja iliyoandikwa humo "njaa" inapata alama zake kamili pale mtahiniwa anapoitumia kujibu kilichoulizwa. Ikitajwa tu bila kuhusishwa, hupewa sehemu ya alama au haipewi. Unapojisahihisha kwa mwongozo, usiweke tiki kwa sababu neno limetokea kwenye aya yako. Soma sentensi ya kwanza na ya mwisho ya aya: je, zinajibu agizo, au zinasimulia?

Nimefika katikati ya insha nikagundua nimesoma agizo vibaya. Nianze upya?

Mara nyingi hapana. Kama uliandika maelezo ya sababu na swali lilikuwa la tathmini, acha aya zilizopo. Ongeza mwishoni mwa kila aya sentensi moja ya hukumu, kwenye nafasi iliyobaki au kwa alama ya kuongeza pembeni: sababu hii ilikuwa na uzito gani ukilinganisha na iliyotangulia? Kisha utangulizi, ukiwa umeacha mstari, weka msimamo wako hapo. Hitimisho libebe hukumu kamili yenye kiwango.

Kama uliandika upande mmoja wa ulinganisho, usifute. Endelea na upande wa pili ukifuata vigezo vile vile kwa mpangilio ule ule, na kila aya ianze kwa kurejea ya upande wa kwanza: "Tofauti na Wahehe, waliokuwa na mtawala mmoja, Majimaji…" Haitakuwa insha nzuri kama ya jedwali, ila ulinganisho utakuwa umefanyika ndani ya aya, mahali ambapo alama hutolewa.

Kuanza upya kunafaa katika hali moja tu: umekosea mada yenyewe, umeandika kuzuka badala ya kushindwa, na zaidi ya nusu ya muda wa swali bado ipo. Piga mstari mmoja mshazari juu ya ulichoandika, ruka mstari, panga kwa dakika mbili, andika aya nne badala ya sita.